Namna ya Kumwandikia Fundi Seremala Ujumbe wa Kuomba Kujifunza Kazi kwa Wiki Sita Bila Malipo

Mwongozo huu unamhusu kijana wa Iringa, Mafinga, Makambako au Mbeya ambaye anataka kujua useremala wa samani, hana uwezo au nafasi ya kwenda chuoni kwa sasa, na ameamua kumwomba fundi mwenye karakana amruhusu kuwa msaidizi wake kwa muda mfupi bila kulipwa. Nimechagua useremala kwa sababu ukanda huu unaishi na mbao. Msitu wa Sao Hill uko wilayani Mufindi, mbao za paina na milingoti zinapita barabarani kila siku, na ni vigumu kupata mtaa usio na angalau karakana moja yenye vitanda na makabati yaliyopangwa nje. Anayetaka kujifunza uchomeleaji au ufundi magari anaweza kufuata mpangilio huu, ila vifaa, hatari na gharama za makosa katika fani hizo ni tofauti, kwa hiyo asinakili maneno yalivyo.

Elewa kwanza fundi anapoteza nini

Vijana wengi hudhani kwamba neno "bila malipo" linatosha kumshawishi fundi. Halitoshi, kwa sababu msaidizi asiyejua kazi ni gharama hata kama halipwi. Ubao wa mninga uliokatwa pungufu kwa inchi moja haurudi, na mteja aliyekwisha kutoa kianzio hatakubali kitanda chenye kiraka. Ubao uliopigwa msasa kwa kukata nyuzi zake huonekana safi ukiwa mkavu, lakini ukipakwa vanishi mikwaruzo yote hujitokeza, na fundi hulazimika kurudia kazi aliyodhani imekwisha. Zaidi ya hapo, kila dakika ambayo fundi anakueleza jambo ni dakika ambayo mikono yake imesimama.

Kuna hofu nyingine ambazo fundi hatazitamka. Patasi, randa na drili ni vitu vinavyobebeka kirahisi, na karakana nyingi zimewahi kuibiwa na mtu aliyekaribishwa ndani. Mashine ya kupasulia mbao inaweza kukata kidole, na fundi anajua kwamba siku hiyo wazazi watakuja kwake. Vilevile amekwisha kuwaona vijana waliokuja kwa moto, wakakaa siku nne, wakatoweka mara tu walipoanza kuwa na manufaa. Ujumbe mzuri unajibu hofu hizi bila kuzitaja kwa majina yake, na kwa sababu hiyo kila sentensi katika mfano nitakaoutoa hapa chini ina kazi yake.

Chagua karakana kabla ya kuandika

Pita mara kadhaa kwenye karakana unazozifikiria, ukiangalia kinachofanyika badala ya kuangalia samani zilizokamilika. Angalia kama fundi mwenyewe anaunga miguu ya viti kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja iliyochongwa iingie kwenye tundu la ubao mwingine, au anapigilia misumari na kuficha vichwa vyake kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Angalia kama mbao zake zimepangwa kwa kutenganishwa na vijiti ili hewa ipite, kwani fundi anayetumia paina mbichi atakufundisha kutengeneza makabati ambayo milango yake itapinda na viungo vyake kuachia. Angalia pia idadi ya vijana waliopo. Karakana yenye fundi mmoja na msaidizi mmoja au wawili ndiyo inayofaa zaidi, kwa maoni yangu. Penye vijana wanane utaishia kutumwa na vijana wenzako, na fundi atakufahamu kwa sura tu.

Majira nayo yana uzito. Wiki za kuelekea Krismasi karakana huwa na presha, kwa kuwa kila mteja anataka kochi lake lifike kabla ya sikukuu, na ujumbe wa kuomba kujifunza unaofika wakati huo huwa ni usumbufu. Januari pesa ya watu huishia kwenye mahitaji ya shule. Februari na Machi mvua inanyesha na oda hupungua, hivyo fundi ana utulivu wa kufundisha ingawa utaona kazi chache. Kuanzia Juni, wakulima wanapokuwa wamevuna na kuanza kuuza mahindi na mpunga, oda hurudi, nawe utaona kazi nyingi ila utaelekezwa kwa haraka haraka. Kwa mtu asiyejua chochote ningependekeza Februari. Kwa aliyewahi kushika msumeno, Juni au Julai ina faida zaidi.

Amua muda, saa na unachotaka kujifunza

Wiki sita hazimfanyi mtu kuwa seremala, na ujumbe usidai hivyo. Zinatosha kujifunza kusoma futikamba bila kubahatisha, kupima pembe mraba, kukata mstari ulionyooka kwa msumeno wa mkono, kunoa patasi, kupiga msasa ipasavyo, na kutengeneza kitu kimoja kidogo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Stuli ya paina ni kipimo kizuri, kwa kuwa ina miguu minne, viungo kadhaa vya ulimi na tundu na uso wa kusawazisha, na kosa lake halimfilisi mtu.

Muda lazima uwe na mwisho. Ukiandika kwamba utakaa "mpaka nijue kazi," fundi hawezi kujua anakubali nini, na wewe unaweza kujikuta mwezi wa tano bado unafagia maranda. Piga hesabu ya nauli ya daladala au bajaji na chakula cha mchana kwa siku zote hizo kabla hujaahidi, kwa sababu kijana anayekosa kufika wiki ya tatu kwa kukosa nauli huonekana mbele ya fundi kama aliyekata tamaa. Ukiona fedha yako inafika wiki nne tu, omba wiki nne.

Jambo la umri lisipuuzwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 mahali ambapo mazingira ya kazi ni hatarishi, na karakana yenye mashine za kupasulia na kuranda haihitaji maelezo marefu. Ukiwa na miaka 16 au 17, mzazi au mlezi ndiye azungumze na fundi, na makubaliano yabaki kwenye vifaa vya mkono na kazi nyepesi.

Andaa ujumbe wenyewe

Hebu tuanze na ujumbe wa aina ambayo mafundi hupokea mara kwa mara na kuuacha bila jibu:

"Mambo fundi. Naomba kazi yoyote hapo kwako hata bila malipo, niko tayari kufanya lolote, nina shida sana, nisaidie kaka."

Hapa hakuna jina wala mahali anapoishi mwandishi, na maneno "kazi yoyote" yanaonyesha kwamba hata hajali kama ni useremala au upishi. Maneno "nina shida sana" yanamfanya fundi atarajie kuombwa hela ya kula siku ya pili. Neno "lolote" halimwambii chochote, kwa sababu fundi anapanga siku yake kwa kazi zenye majina. Na kama fundi huyo ana umri wa baba yako, "mambo" na "kaka" vimekwisha kufunga mlango kabla ya ombi lenyewe.

Sasa tuchukue mfano kamili. Kijana wa miaka 19 anayeishi Kihesa, mjini Iringa, alimaliza kidato cha nne mwezi Novemba. Mjomba wake alinunua meza ya chakula kwa fundi mwenye karakana Mlandege, naye kijana alimsindikiza siku ya kuichukua. Huu ndio ujumbe wake:

"Shikamoo fundi. Naitwa (jina kamili), nina miaka 19, naishi Kihesa. Wiki iliyopita nilikuja karakanani kwako na mjomba wangu kuchukua meza ya chakula yenye viti sita. Nilikuona ukiunga mguu wa kiti kwa ulimi na tundu bila kutumia msumari, na kazi ya namna hiyo ndiyo ninayotamani kujifunza.

Naomba uniruhusu kuwa msaidizi wako kwa wiki 6, kuanzia Jumatatu tarehe 2 Februari hadi Jumamosi tarehe 14 Machi, kila siku isipokuwa Jumapili, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Katika wiki hizo sitadai malipo, na nauli na chakula nitajitegemea. Naweza kupiga msasa kwa namna utakayonielekeza, kushika na kubeba mbao, kuzipanga zikauke na kusafisha karakana. Sijawahi kutumia mashine, na sitaigusa mpaka utakaponiruhusu. Ninaloomba kwako ni kuelekezwa kupima na kukata kwa mkono, na wiki ya mwisho nitengeneze stuli moja chini ya usimamizi wako, kwa mbao nitakazonunua mwenyewe.

Mjomba wangu anaweza kukueleza habari zangu, na nitaleta barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Kama hutajali, naomba nije Jumamosi hii baada ya saa 10 jioni tuzungumze kabla hujaamua. Na kama nafasi haipo, nitashukuru kujua. Asante fundi."

Salamu inategemea umri. Kwa fundi mtu mzima, "Shikamoo fundi" haina mjadala. Kwa fundi aliyekuzidi miaka michache, "Habari za kazi, fundi" inatosha na haimfanyi ajione mzee. Wapo wanaotaka kuanza na "Kamwene" ili kuonyesha ukaribu. Ni salamu nzuri mkikutana ana kwa ana na mkiwa mnaijua wote wawili, lakini katika ujumbe wa kwanza kwa mtu ambaye huna hakika anatoka wapi, Kiswahili cha kawaida ni salama zaidi.

Sentensi ya meza na mguu wa kiti ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo ambayo huwezi kuiazima kwa mtu mwingine. Inamwonyesha fundi kwamba ulisimama ukatazama, na kwamba ulijua ni nini cha kutazama. Ikiwa hujaona kitu chochote mahususi katika kazi yake, rudi ukaangalie tena kabla hujaandika. Usijaze pengo kwa sifa za jumla kama "wewe ni fundi bora Iringa nzima," kwa sababu fundi anajua kwamba hujazunguka Iringa nzima.

Tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza, zinamwezesha fundi kukubali jambo lenye ukingo. Kazi nne zilizotajwa ni zile ambazo humla fundi muda na ambazo mgeni anaweza kuzifanya bila kuharibu mengi, na hata msasa umewekewa maneno "kwa namna utakayonielekeza" kwa sababu niliyoieleza mwanzoni. Sentensi kuhusu mashine inaondoa hofu ya ajali, na ile ya mbao za stuli inaondoa hofu ya hasara. Barua ya mtaa na kutajwa kwa mjomba aliye mteja wake vinajibu suala la uaminifu bila mtu yeyote kutamka neno wizi. Sentensi ya mwisho inampa fundi nafasi ya kukataa kwa heshima, jambo ambalo mara nyingi humfanya ajibu hata kama jibu ni hapana.

Kama hukufika pale kupitia mteja, taja kwa ukweli ulivyoipata namba, kwa mfano kwamba imeandikwa ukutani kwenye karakana. Usimtaje mtu ambaye hujamwomba ruhusa, kwani fundi akimpigia naye akashangaa, ombi lako limeishia hapo.

Ikiwa fundi anatumia simu ya kitochi

Ujumbe huo unafaa kwa WhatsApp. Mafundi wengi wazee hutumia simu ndogo, ambako ujumbe mmoja wa kawaida unabeba herufi 160 pamoja na nafasi, na ujumbe mrefu hugawanyika vipande ambavyo simu nyingine huvionyesha bila kufuatana. Kwa fundi wa namna hiyo, tuma ombi fupi la kuonana, nayo maelezo uyaseme kwa mdomo:

"Shikamoo fundi. Naitwa (jina), naishi Kihesa. Naomba kujifunza useremala kwako kwa wiki 6 bila malipo. Je, nije Jumamosi saa 10 jioni tuongee?"

Tuma jioni, kati ya saa 12 na saa 2 usiku, anapokuwa amefunga karakana na kunawa mikono. Ujumbe wa saa 4 asubuhi unafika wakati ameshika randa, ataufungua kwa kidole gumba chenye gundi, kisha atausahau. Epuka pia kupiga simu mfululizo baada ya kutuma.

Soma jibu vizuri

Kimya cha siku tatu au nne hakina maana ya kukataliwa. Subiri mpaka wiki iishe, kisha pita karakanani mwenyewe, usalimie, useme wewe ndiye uliyeandika. Fundi akisema "njoo tuone," amekubali kukujaribu, hivyo nenda siku hiyohiyo aliyotaja ukiwa umevaa viatu vilivyofunika vidole na nguo isiyoning'inia. Akisema "nitakupigia," mwulize kwa upole kama ukipita baada ya wiki mbili utakuwa hujamsumbua, na usipopata siku maalumu, anza kumtafuta fundi mwingine.

Jibu linalowashangaza wengi ni pale fundi anapodai alipwe yeye. Utaratibu huo upo katika karakana na gereji nyingi: mzazi humkabidhi mtoto kwa fundi na kutoa kiasi fulani cha kufundishia. Usikasirike. Mwulize kiasi hicho ni cha muda gani, na kinajumuisha mafunzo gani, kisha ulinganishe na gharama za kozi fupi katika chuo cha VETA cha Iringa au Mbeya. Huenda fundi akawa nafuu, huenda asiwe.

Andika mliyokubaliana

Mkishaonana na kukubaliana, tuma ujumbe wa pili jioni ileile. Usiufanye uonekane kama mkataba wa mahakamani, maana fundi atahisi unamtega. Mfano:

"Asante fundi kwa muda wako leo. Nimeelewa kwamba nitaanza Jumatatu tarehe 2 Februari saa 2 asubuhi, na kumaliza tarehe 14 Machi. Wiki mbili za mwanzo nitakuwa kwenye msasa na kupanga mbao, baadaye utanielekeza kupima na kukata. Mashine sitaigusa. Kama nimekosea mahali naomba unirekebishe."

Katika mazungumzo hayo ya ana kwa ana, uliza mambo mawili ambayo ni vigumu kuyaandika. La kwanza ni nani atalipia ubao ukiuharibu, kwani baadhi ya mafundi husamehe paina lakini hawasamehi mninga. La pili ni kama utakwenda naye kwa wateja. Kupeleka kitanda na kukifunga ni sehemu ya kujifunza. Kupanda juu ya paa kupigilia kenchi bila malipo ni jambo jingine, kwa sababu hiyo ni kazi ya hatari ambayo fundi analipwa na mwenye nyumba kwa kila anayepanda, na unayo haki ya kukataa.

Vumbi nalo halihitaji ujasiri. Mbao zenye rangi ya kijani kibichi mara nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, kwa hiyo vaa barakoa unapozikata au kuzipiga msasa, na vipande vyake usivipeleke nyumbani kupikia.

Makubaliano yakianza kupinda

Wiki mbili za kufagia na kubeba si dhuluma, ni bei uliyokubali mwenyewe. Dalili mbaya ni pale wiki ya nne inapoisha hujashika futikamba, au unapotumwa sokoni na nyumbani kwa fundi zaidi ya unavyokaa kwenye meza ya kazi, au anapopata oda kubwa na kuahirisha kila unaloomba. Mkumbushe kwa ujumbe mfupi wa jioni, ukilitaja jambo moja tu:

"Shikamoo fundi. Wiki ya nne inaisha na nashukuru kwa niliyoyaona. Naomba wiki ijayo unielekeze kupima na kukata, ili stuli iwahi kabla ya tarehe 14 Machi. Mbao nimeshapata."

Fundi mwenye nia njema atakuita siku inayofuata. Akinyamaza tena, kaa mpaka mwisho wa wiki hiyo, aga vizuri, rudisha kila kifaa ulichoshika, na uondoke. Huna deni naye, nawe umeshajua jinsi mbao zinavyopangwa na jinsi oda zinavyokwenda.

Mambo yakienda sawa, wiki ya sita fundi mwenyewe anaweza kukuambia uendelee. Hapo ndipo suala la pesa linapoingia, na linapaswa kusemwa kabla ya Jumatatu inayofuata: utalipwa kwa siku, au kwa kila kitu kinachokamilika, na kiasi gani. Ukiendelea kwa miaka, fahamu kwamba VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi aliyejifunzia kazini hupimwa na kupewa cheti. Kwa hiyo piga picha za kazi ulizoshiriki tangu stuli ya kwanza, na andika pembeni tarehe pamoja na sehemu uliyoifanya mwenyewe.